Filamu Inavyosafiri Hadi Kwenye Simu

Tuchukue filamu moja ya Kiswahili ya dakika 90, imemaliza kuhaririwa Dar es Salaam na mtayarishaji anataka ionekane kwa mtu wa Tandahimba mwenye simu ya bei ndogo, na pia kwa ndugu yake aliye Maskati mwenye televisheni kubwa na intaneti ya nyumbani. Faili ni moja, watazamaji wana hali tofauti kabisa. Namna huduma za video zilivyotatua jambo hili inastahili kufahamika na kila anayenunua bando, maana mengi tunayoyalaumu kwa neno moja tu, "mtandao", hutokea mahali pengine kabisa njiani.

Tuanze na uzito wa video yenyewe. Video ni mfululizo wa picha tuli, na kila picha huitwa fremu. Fremu ya pikseli 1920 kwa 1080 ina pikseli zaidi ya milioni 2, na hata ikihifadhiwa kwa utaratibu wa kawaida wa kupunguza taarifa za rangi, ina megabaiti 3 na ushei. Kwa fremu 25 kila sekunde, filamu yetu ingehitaji njia ya kupitisha megabiti 622 kwa sekunde. (Kasi ya mtandao hupimwa kwa biti na ukubwa wa faili kwa baiti, na baiti 1 ni biti 8. Ndiyo maana kasi ya "mega 8" hushusha megabaiti 1 tu kwa sekunde.) Ukijumlisha dakika zote 90 unapata gigabaiti 420. Simu nyingi haziwezi kupokea mzigo huo, na bando la kawaida haliutoshi.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kubana. Kanuni ya kubana inayotumika zaidi hadi leo ni H.264, iliyopitishwa mwaka 2003, na msingi wake ni rahisi kuuelewa. Wanawake wawili wamekaa barazani wanazungumza. Nyuma yao kuna ukuta, mlango na mtungi wa maji. Kati ya fremu moja na inayofuata, yaani sehemu ya 25 ya sekunde, ukuta haujabadilika, mlango haujabadilika, na hata nyuso zimesogea kidogo sana. Basi programu ya kubana huhifadhi fremu ya kwanza ikiwa kamili, tuiite fremu mama, kisha kwa fremu zinazofuata huandika tofauti tu: kipande hiki cha picha kimesogea pikseli 3 kulia, pale pembeni mwa mdomo rangi imebadilika, kwingine kote tumia yaliyokuwapo. Inayobaki nayo hupunguzwa zaidi kwa kutupa madoido madogo ambayo jicho halitayakosa.

Mazungumzo ya barazani hubanika vizuri sana. Ngoma ya akina mama waliovaa kanga zenye nakshi tofauti, wote wakizunguka, ni mtihani mgumu. Kila nakshi ina ncha kali, kila ncha inasogea, na fremu iliyopita haisaidii sana kubashiri ijayo. Mvua ya usiku ni hivyo hivyo. Ukiipa scene ya ngoma kiwango kilekile cha biti kinachoitosha baraza, utaona picha ikigeuka vibokisi vibokisi, na nakshi za kanga zitapotea ndani ya ukungu. Ukiona vibokisi hivyo wakati mtandao uko vizuri na video haikwami, jua kwamba kasoro haiko kwenye simu yako wala kwenye mnara. Imo ndani ya faili lenyewe tangu siku lilipobanwa.

Kwa sababu hiyo, Netflix mwishoni mwa mwaka 2015 ilieleza kwamba inaacha kutumia vipimo vya aina moja kwa kazi zote. Kila filamu au mfululizo ungepimwa kwanza ujulikane ugumu wake, kisha ungepewa viwango vyake. Katuni yenye rangi tulivu hupendeza kwa biti chache, filamu ya mapigano huhitaji nyingi. Huduma ndogo inayoanza leo haina haja ya kuiga utaratibu wote huo, ila inafaa mtu mwenye macho akae atazame scene ngumu za kila filamu kabla haijatoka. Kazi hiyo wengi huiruka, na inaonekana.

Zipo kanuni mpya zinazobana zaidi ya H.264, kama HEVC ya mwaka 2013 na AV1 ya mwaka 2018. Zinaokoa biti nyingi kwa ubora uleule. Tatizo ni upande wa kuzifungua. Simu isiyo na sehemu maalumu ya kufungulia AV1 ndani ya chipu yake hulazimika kuifungua kwa nguvu ya programu, ikapata moto, ikamaliza chaji, na mara nyingine picha ikawa inarukaruka. Kwa watazamaji wa Afrika Mashariki, ambao simu zao ni za kila umri na kila bei, naona H.264 iwe msingi, na kanuni mpya zitolewe kwa simu zinazoziweza tu.

Filamu yetu haibanwi mara moja. Inabanwa mara kadhaa, kila toleo kwa ubora wake, na matoleo hayo kwa pamoja ndiyo ngazi ambayo mtazamaji atapanda na kushuka. Tuseme tumechagua ngazi tano: picha ya kimo cha pikseli 240 kwa kilobiti 300 kwa sekunde, ya 360 kwa kilobiti 700, ya 480 kwa megabiti 1.2, ya 720 kwa megabiti 2.5, na ya 1080 kwa megabiti 4.5. Matoleo yote matano ya filamu nzima yanachukua gigabaiti 6 na kidogo. Kutoka 420 hadi 6, na bado tumepata matoleo matano badala ya moja.

Hapo ndipo inakuja hatua iliyobadilisha kila kitu: kila toleo linakatwa vipande vya sekunde chache. Tukikata kwa sekunde 4, filamu ya dakika 90 inatoa vipande 1,350 kwa kila ngazi, na vipande 6,750 kwa ngazi zote tano. Kila kipande ni faili linalojitegemea, na lazima lianze na fremu mama, kwa sababu pleya ya simu haiwezi kufungua tofauti bila kuwa na picha ya kuanzia. Zaidi ya hapo, mipaka ya vipande lazima ilingane kwenye ngazi zote. Kipande cha 200 cha ngazi ya chini kianze kwenye fremu ileile inayoanza kipande cha 200 cha ngazi ya juu.

Kulingana huko hakuji kwenyewe. Programu ya kubana, ikiachwa na uhuru wake, huweka fremu mama popote scene inapobadilika ghafla, na kila toleo linaweza kuamua tofauti. Kwa fremu 25 kwa sekunde na vipande vya sekunde 4, tunataka fremu mama kila baada ya fremu 100, bila kupungua wala kuzidi. Wanaotumia programu ya `ffmpeg` huiamuru hivi kwa ngazi ya 360:

```
ffmpeg -i filamu.mov -vf scale=-2:360 -c:v libx264 \
  -b:v 700k -maxrate 750k -bufsize 1400k \
  -g 100 -keyint_min 100 -sc_threshold 0 \
  -c:a aac -b:a 64k -f hls -hls_time 4 \
  -hls_playlist_type vod 360p.m3u8
```

Mstari wa tatu ndio wenye amri hiyo: fremu mama kila fremu 100, na mabadiliko ya scene yasivuruge hesabu. Ukiusahau, filamu itacheza vizuri kabisa ofisini kwenye mtandao imara, kwa kuwa pale pleya haibadilishi ngazi. Malalamiko yatakuja kutoka kwa walio barabarani: picha inaruka, mdomo na sauti vinapishana, sekunde moja inajirudia kila ubora unapobadilika.

Mwishoni huandikwa faili dogo la maandishi linaloitaja kila ngazi na kasi inayohitaji. Kwa utaratibu wa HLS, uliotolewa na Apple mwaka 2009, linafanana na hili:

```
#EXTM3U
#EXT-X-STREAM-INF:BANDWIDTH=364000,RESOLUTION=426x240
240p.m3u8
#EXT-X-STREAM-INF:BANDWIDTH=814000,RESOLUTION=640x360
360p.m3u8
```

Kuna utaratibu mwingine wa namna hii unaoitwa DASH, wa mwaka 2012, lakini wazo ni lilelile. Simu inasoma orodha, inajua ngazi zilizopo, kisha yenyewe inaomba kipande kimoja kimoja.

Kabla ya hapo, huduma nyingi za video zilitumia seva maalumu iliyoshika mazungumzo na kila mtazamaji: amefika wapi, amesimamisha, ameruka mbele. Watazamaji 10,000 walimaanisha mazungumzo 10,000 ya kukumbukwa. Vipande viliiondolea seva kazi hiyo yote. Kwa seva, kipande cha filamu ni faili la kawaida la HTTP, kama picha kwenye ukurasa wa gazeti. Haijui wala haihitaji kujua nani anatazama nini. Na faili la kawaida linaweza kunakiliwa na kuwekwa mahali popote duniani, jambo linalotuleta kwenye usambazaji.

Tuseme seva kuu ya filamu yetu iko Ulaya, na mtazamaji yuko Mbeya. Ndani ya nyuzi za kioo, mwanga husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwa njia ya kilomita 10,000, kwenda na kurudi ni sehemu ya 10 ya sekunde kabla hujahesabu mitambo ya njiani na mnara wa simu. Tuseme jumla ni milisekunde 200. Zinaonekana kidogo, lakini kipande hakiji kwa safari moja. Kwanza simu na seva husalimiana, kisha hukubaliana kuhusu usimbaji wa siri, ambazo ni safari mbili. Halafu seva, kwa kuwa haijui njia ina upana gani, huanza kwa kutuma pakiti 10 tu, sawa na kilobaiti 14 hivi. Zikifika salama inatuma 20, kisha 40, kisha 80, kisha 160. Kipande cha sekunde 4 cha kasi ya kilobiti 800, chenye kilobaiti 400, kinahitaji mizunguko mitano ya namna hiyo. Jumla safari 7, kila moja milisekunde 200: sekunde 1.4 kwa kipande cha kwanza, hata kama njia ni pana kiasi gani. Seva hiyo ikiwa karibu, safari ikawa milisekunde 50, kazi ileile inachukua sekunde 0.35. Na pakiti ikipotea njiani, ambako kwa simu ni kawaida, kuigundua na kuituma tena kunafuata urefu huohuo wa safari.

Hiyo ndiyo sababu ya kuwa na mtandao wa usambazaji wa maudhui: mamia au maelfu ya seva za akiba zilizotawanywa karibu na watazamaji. Kazi yake ni kama ya duka la mtaa lenye bidhaa zinazonunuliwa sana, ili mtu asilazimike kwenda Kariakoo kwa kila kilo ya sukari. Akamai, iliyoanzishwa mwaka 1998 na watu wa chuo cha MIT, ni miongoni mwa kampuni za mwanzo kuifanya biashara hii. Netflix ilijenga mtandao wake yenyewe, Open Connect, na huwapa watoa huduma za intaneti mashine za kuweka ndani ya majengo yao. Mashine hizo hujazwa filamu saa za usiku wa manane, njia zikiwa tupu, ili jioni zigawe bila kuomba mbali.

Seva hizi zinapenda kuwekwa kwenye vituo ambako kampuni za intaneti hubadilishana trafiki ndani ya nchi, kama KIXP ya Nairobi na TIX ya Dar es Salaam. Ripoti ya Internet Society ya mwaka 2020 ilionyesha kwamba Kenya ilitoka kwenye asilimia 30 ya trafiki kupatikana ndani ya nchi mwaka 2012 hadi asilimia 70, na ujio wa seva za akiba za kampuni kubwa ni sehemu kubwa ya badiliko hilo. Faida yake huonekana siku ya dhiki. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilikatika, na Tanzania ilikuwa kati ya nchi zilizoumia. Kipande kilichokwisha kuhifadhiwa ndani ya nchi hakihitaji kupita kwenye mkongo. Ila kuingia kwenye akaunti, kuhakiki malipo na kupata ufunguo wa filamu mara nyingi bado hufanyika ng'ambo, kwa hiyo huduma inaweza kuwa na filamu nzima Dar es Salaam na bado ikashindwa kukufungulia mlango. Anayebuni huduma kwa ajili ya watu wa hapa afikirie na mlango huo.

Kuna kosa moja la usambazaji ambalo huumiza kimyakimya. Ili kuzuia wizi, huduma huongeza alama ya siri kwenye anwani ya kila kipande, tofauti kwa kila mtazamaji. Seva ya akiba hutambua faili kwa anwani yake. Ikiwa haikuelekezwa kupuuza alama ile baada ya kuikagua, itaona kipande kilekile cha watazamaji 500 kama faili 500 tofauti, na kila mara itakwenda kuchukua upya seva kuu. Mtandao wa usambazaji umelipiwa, kazi haufanyi. Dalili ni mbili: majibu ya seva nyingi hubeba mstari kama `X-Cache: MISS` hata kwa filamu inayotazamwa na kila mtu, na trafiki ya seva kuu inapanda sambamba na idadi ya watazamaji, wakati ilitakiwa ikae karibu tuli.

Tumebakiza simu yenyewe, na hapa ndipo maamuzi yanapofanyika. Watu wengi hudhani kampuni ndiyo inayowapunguzia ubora. Kwa kawaida ni pleya iliyo ndani ya simu inayochagua, kipande kwa kipande, kwa kutazama mambo mawili: vipande vilivyopita vimeshuka kwa kasi gani, na kuna sekunde ngapi za filamu zimekwisha kushushwa zikisubiri kuchezwa. Akiba hiyo ya sekunde ndiyo bafa. Ikiisha, kiduara kinazunguka.

Tumfuate abiria kwenye basi kutoka Mbeya kwenda Iringa. Mjini alipata megabiti 3 kwa sekunde, pleya imepanda ngazi ya 720, na bafa ina sekunde 24. Basi linatoka mjini, kasi inaanguka hadi kilobiti 600. Pleya ilikwisha kuomba kipande kingine cha 720, chenye megabiti 10. Kwa kasi mpya kinachukua karibu sekunde 17 kufika, na muda wote huo filamu inaendelea kula akiba. Kikifika, bafa imebaki na sekunde 11 hivi. Ikiomba tena cha 720, filamu itakwama kabla hakijafika. Ikishuka hadi 360, kipande kinachukua sekunde 4 na nusu au zaidi kidogo kwa sekunde 4 za filamu, yaani akiba inapungua polepole. Ikishuka hadi 240, kipande kinafika kwa sekunde 2, na kila kipande kinaongeza akiba kwa sekunde 2. Pleya nzuri inashuka moja kwa moja hadi 240, inajaza bafa, kisha inapanda hatua kwa hatua. Abiria ataona picha imefifia kwa dakika kadhaa, lakini hadithi haitakatika.

Kutegemea kasi peke yake kuna hatari, kwa kuwa kasi ya simu barabarani hurukaruka na pleya huishia kupanda na kushuka kila kipande, jambo linalochosha macho kuliko ubora mdogo uliotulia. Mwaka 2014 watafiti wa Stanford pamoja na Netflix walichapisha njia ya kuangalia zaidi bafa: akiba ikiwa ndogo, chukua ngazi ya chini kabisa bila kubahatisha, inavyojaa, ndivyo unavyoruhusiwa kupanda. Pleya nyingi za leo huchanganya mawazo yote mawili.

Lakini hesabu zote hizi zina upofu mmoja mkubwa kwetu. Pleya inajua kasi, inajua bafa, haijui bando. Mtu akifika kwenye mnara wenye mtandao mzuri, pleya inafurahia na kupanda hadi 1080, na kwa ngazi tulizochagua hapa saa moja inameza megabaiti 2,025. Ngazi ya 360 ingemeza 315, na kwenye kioo cha simu ya inchi 6 wengi wangetosheka nayo. Menyu za ubora zimejaa maneno kama "HD" na "kiotomatiki", ambayo hayamwambii mnunuzi wa bando jambo lolote. Ninyi mnaotengeneza huduma za video kwa wasemaji wa Kiswahili, andikeni kwenye menyu hiyo idadi ya MB kwa saa mbele ya kila ngazi, na mumruhusu mtazamaji aweke kikomo ambacho pleya haitakivuka anapotumia data ya simu. Takwimu hizo mnazo tayari, zimo kwenye orodha ileile ambayo simu inaisoma kabla ya kipande cha kwanza.